Shilingi Moja Kati ya Majibu Manne

Mtu ameweka benki shilingi 250,000 kwa riba ya asilimia 7 kwa mwaka. Kila mwisho wa mwaka riba inaingizwa kwenye akaunti, na mwaka unaofuata riba hiyo nayo inazaa. Baada ya miaka 3 atakuwa na shilingi ngapi, ukikadiria hadi shilingi iliyo karibu?

A. 306,250
B. 306,260
C. 306,261
D. 306,288

Maswali ya riba yenye majibu manne ya kuchagua si mageni kwa wengi wetu. Nchini Kenya, mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ulikuwa na maswali 50 ya Hisabati ya herufi A hadi D, na riba juu ya riba ilikuwemo katika mafunzo ya darasa la nane. Kwa kawaida mtunzi wa swali kama hili humtegea mwanafunzi asiyejua tofauti ya riba ya kawaida na riba juu ya riba. Riba ya kawaida ingetoa 17,500 kila mwaka, jumla 302,500, na jibu hilo lingewekwa pale limsubiri aliyelala darasani.

Hapa 302,500 haimo. Majibu yote manne yametoka kwa watu wanaojua kanuni. Kinachopimwa ni kitu kingine: ni wapi katika safari ya hesabu ulipunguza desimali.

Tufanye hesabu yenyewe kwanza. Kuongeza asilimia 7 ni sawa na kuzidisha kwa 1.07, kwa kuwa unabaki na asilimia 100 ya ulichonacho na juu yake unaongeza 7. Mwaka wa kwanza 250,000 inakuwa 267,500. Mwaka wa pili inakuwa 286,225. Mwaka wa tatu inakuwa 306,260.75. Senti 75 zimepita nusu ya shilingi, kwa hiyo tunapanda hadi 306,261. Jibu ni C.

Sasa tuangalie wengine walipotokea, maana kila jibu la kosa lina mzazi wake. Aliyechagua B alifika mahali pamoja na sisi, akaona 306,260.75, akakata senti na kuzitupa. Kukata si kukadiria. Ukikata, unaacha kila kilicho nyuma ya nukta bila kukitazama. Ukikadiria, unaitazama tarakimu inayofuata: ikiwa 5 au zaidi unaongeza moja, ikiwa chini ya 5 unaacha kama ilivyo.

Aliyechagua A alianza kwa kuzidisha 1.07 mara tatu, akapata 1.225043. Namba ikamwia ndefu, akaandika 1.225 na kuendelea. Ukizidisha 250,000 kwa 1.225 unapata 306,250 kamili. Jibu hilo linapendeza macho kwa sababu limetoka bila desimali hata moja, na wengi huamini kwamba hesabu iliyotoka safi ndiyo iliyo sahihi.

Aliyechagua D alipunguza mapema zaidi. Alizidisha 1.07 kwa 1.07 akapata 1.1449, akaifanya 1.145, kisha akazidisha tena kwa 1.07 na kwa mtaji. Akafika 306,287.50, akapanda hadi 306,288. Amezidi jibu sahihi kwa shilingi 27, ingawa namba aliyoiongeza katikati ilikuwa 0.0001 tu.

Kwa nini kipande kidogo hivyo kikazaa shilingi 27? Kwa sababu kila unachokitupa au kukiongeza katikati ya hesabu kinazidishwa na kila kinachokuja baadaye. Zidisha 0.0001 kwa 1.07, kisha kwa 250,000, nawe utapata 26.75. Kosa nalo limekula riba, sawasawa na mtaji.

Hapo ndipo inapopatikana njia ya kujua unahitaji desimali ngapi kabla hujaanza kukokotoa. Tazama majibu uliyopewa, utafute mawili yaliyokaribiana kuliko yote. Katika swali letu ni B na C, yaliyotofautiana kwa shilingi 1. Ili kuyatenganisha, kosa lako lisifike nusu shilingi. Gawanya nusu shilingi kwa mtaji wa 250,000 na utapata 0.000002. Maana yake namba ya kuzidishia lazima iwe sahihi hadi nafasi ya sita ya desimali. Namba 1.225043 ina nafasi sita kamili, na hakuna hata moja unayoweza kuisamehe. Lakini kama majibu yangekuwa 302,500 na 306,261 na 310,000, hata 1.225 ingetosha, na mwenye kuhangaika na desimali sita angepoteza muda wake bure.

Kwa hiyo pengo kati ya majibu ndilo linalokupa kipimo cha kazi. Waliosoma kwa kitabu cha majedwali ya logi ya tarakimu nne wanalijua hili kwa namna yao. Logi ya 1.07 katika jedwali ni 0.0294. Mara tatu inakuwa 0.0882, ukijumlisha na logi ya 250,000 ambayo ni 5.3979 unapata 5.4861, na ukirudi kwenye jedwali unasoma 306,300. Jedwali halijakosea, limetoa tarakimu nne kama lilivyoahidi. Lakini chombo cha tarakimu nne hakiwezi kukuamulia kati ya 306,260 na 306,261, hata ukikitumia kwa uangalifu wa aina gani.

Asiye na kikokotoo naye ana njia. Robo ya milioni moja ni 250,000, kwa hiyo badala ya kuzidisha 1.225043 kwa 250,000, chukua 1,225,043 ugawe kwa 4. Unapata 306,260.75 pale pale kwenye karatasi, bila kupunguza chochote.

Pahali pabaya kuliko pote pa kupunguza desimali ni kwenye riba ya kipindi. Tuseme shilingi 500,000 zimewekwa kwa asilimia 10 kwa mwaka, na riba inaingizwa kila mwezi. Riba ya mwezi ni 10 gawanya kwa 12, yaani asilimia 0.8333 na tatu zinaendelea bila mwisho. Mwenye kuziacha tatu zote ndani ya kikokotoo, akazidisha miezi 12, anapata shilingi 552,357. Mwenye kuandika asilimia 0.83 anapata 552,137. Ameishiwa na shilingi 220, kwa kuwa kile alichokikata hakikukatwa mara moja: kilikatwa mwezi wa kwanza, wa pili, hadi wa kumi na mbili. Dawa yake ni ndogo. Usiiandike riba ya mwezi kama desimali. Iache kama sehemu, 0.10/12, na ukiingiza kwenye kikokotoo ingiza hivyo hivyo:

500000 × (1 + 0.10 ÷ 12)^12

Mabadiliko ya asilimia yana mtego wake mwingine. Kilo ya sukari iliyokuwa shilingi 2,350 sasa ni shilingi 2,760. Imepanda kwa asilimia ngapi, kwa nafasi moja ya desimali? Majibu: 14.9, 17.4, 17.45, 17.5.

Ongezeko ni shilingi 410. Linagawanywa kwa bei ya zamani, kwa sababu swali ni imepanda kutoka wapi. Aliyegawanya kwa bei mpya ndiye aliyepata 14.9, na huyo tumwache. Ukigawanya 410 kwa 2,350 unapata asilimia 17.4468. Nafasi moja ya desimali ni 17.4, kwa kuwa tarakimu inayofuata ni 4 na haitoshi kupandisha.

Basi 17.5 imetoka wapi? Imetoka kwa mtu aliyekadiria mara mbili. Kwanza aliandika 17.45 kwenye karatasi yake, akiona nafasi mbili zinatosha. Kisha akasoma swali tena, akakuta linataka nafasi moja, akaitazama 17.45, akaona 5 mwishoni, akapanda. Ile 5 haikuwa 5 ya kweli. Ilikuwa 4 iliyokwisha kupandishwa mara moja. Ukitaka kukadiria upya, rudi kwenye namba ndefu ya mwanzo, usikadirie juu ya makadirio.

Na 17.45 je? Hiyo si hesabu mbaya, ila ni jibu la swali lingine, lililotaka nafasi mbili. Majibu yanapotofautiana kwa desimali tu, maneno madogo ya mwisho wa swali, kama vile "hadi shilingi iliyo karibu" au "kwa nafasi moja ya desimali", ndiyo yanayoamua. Yasome kabla ya kushika kalamu.

Ipo hali moja ambapo kukadiria katikati ndiyo sahihi, nayo ni pale swali lenyewe linapoagiza. Likisema kwamba kila mwaka riba hukadiriwa hadi shilingi kamili kabla ya kuingizwa kwenye akaunti, basi fanya hivyo mwaka kwa mwaka, kwa sababu fedha iliyoingia kwenye akaunti ndiyo inayozaa mwaka unaofuata. Vilevile likikupa namba ya kutumia, kwa mfano likisema chukua 1.07 mara tatu kuwa 1.225, basi jibu letu la kwanza lingehama kutoka C kwenda A bila ubishi. Swali likinyamaza, beba namba nzima hadi mwisho na ukadirie mara moja tu.

Lipo kosa la mwisho, na ndilo linalowagharimu wengi. Mtu anakokotoa, anapata 306,255, anaitafuta kati ya majibu manne asiione, kisha anachagua iliyo karibu nayo. Katika maswali ya kawaida, ambako majibu yako mbalimbali, ujanja huo humwokoa. Katika maswali haya ndio unaomwangusha, kwa kuwa majibu yote yako karibu na yameandaliwa kwa ajili yake. Jibu lako lisipokuwemo kati ya manne, usisogee pembeni. Rudi juu, tafuta mstari ulipoandika namba fupi kuliko ile uliyoiona, uirefushe, ukokotoe tena.