Maswali ya Mchujo na Visanduku vya Ridhaa Kabla ya Kutuma Maombi ya Kazi

Maswali ya mchujo ni yale mafupi yanayokuja baada ya mwombaji kupakia wasifu na vyeti, mengi yakiwa ya "Yes" au "No". Ufupi wake unadanganya. Mwajiri anaweza kuweka mapema jibu analolitaka, na katika mifumo mingi anayejibu kinyume anaweza kuondolewa na kompyuta kabla barua yake haijafunguliwa na mtu.

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, yenye makao Dodoma, humruhusu mwombaji aandike barua yake kwa Kiswahili au Kiingereza. Lakini mashirika ya kimataifa yenye miradi Dodoma na Singida kwa kawaida hutumia mifumo ya makao yao makuu nje ya nchi, na humo maswali huwa ya Kiingereza.

Tuchukue mfano wa Mtanzania anayefanya kazi Singida kwa mshahara wa mwezi, akiomba nafasi ya afisa lishe wilayani Kongwa. Anakutana kwanza na swali hili: "Are you legally authorised to work in the country where this job is based?" Linauliza kama sheria inamruhusu kufanya kazi katika nchi ilipo nafasi hiyo. Ni raia, kazi iko Tanzania, hivyo jibu ni "Yes". Linalofuata ni "Will you now or in the future require visa sponsorship?" Wengi waliozoea kusikia sponsa akitajwa kwenye mambo ya ada hudhani wanaulizwa kama wanahitaji kufadhiliwa, wakajibu "Yes". Swali linahusu viza: je, mwajiri atalazimika kumwombea kibali cha kuishi na kufanya kazi? Kwa Mtanzania anayeomba kazi ya Kongwa jibu ni "No". Majibu mawili sahihi yanapingana kwa sura, na anayeweka "Yes" kote anaweza kutolewa kwa kosa la kusoma tu, ingawa sifa zote anazo.

Kisha kuna "What is your notice period?" Hapa anaulizwa muda ambao ni lazima ampe mwajiri wake wa sasa kabla ya kuondoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, akishavuka mwezi wa kwanza kazini. Mkataba unaweza kutaka zaidi. Akiandika sifuri ili aonekane yuko tayari, anaahidi tarehe asiyoweza kuitimiza.

Visanduku vya mwisho havifanani kazi. "I certify that the information provided is true and complete" ni tamko la ukweli, na uongo ukigundulika hata baada ya kuajiriwa unaweza kuvunja mkataba. Kisanduku cha faragha huambatana na kiungo cha maelezo marefu, na hayo yafunguliwe: yatafutwe majina ya wanaoshirikishwa taarifa, nchi zinakohifadhiwa na muda wa kuzihifadhi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumiwa kwa lipi na ya kuondoa ridhaa aliyoitoa.

Kinachohitaji uangalifu kuliko vyote ni kile kinachoruhusu mwajiri mpya kuwasiliana na mwajiri wa sasa. Yatazamwe maneno ya wakati. "At any time" maana yake simu inaweza kupigwa Singida kesho, bosi akajua mfanyakazi wake anatafuta pa kwenda huku kazi mpya haijapatikana. "Only after an offer" maana yake hadi mwombaji awe amepewa ofa. Kama fomu ina "May we contact your current employer?", "No" ni jibu halali na la busara.

Kisanduku chenye alama ya nyota ni cha lazima. Kisicho nayo kinaweza kuachwa wazi. Ila kisomwe kama kina "not". Katika "I do not wish to be contacted about future vacancies", kuweka alama ni kukataa kuitwa kwa nafasi zijazo, na kukiacha wazi ndiko kukubali.

Tafsiri ya kivinjari inasaidia kupata maana ya jumla, lakini huweza kuipoteza "not" au kuigeuza "sponsorship" kuwa udhamini, kwa hiyo swali la Kiingereza libaki wazi kando yake. Kabla ya kubonyeza "Submit", mwombaji apige picha ya skrini ya kila ukurasa wa majibu, kwa kuwa mifumo mingi hairuhusu kurekebisha fomu ikishatumwa.