Aliyevaa Sura ya Jirani Yangu

Jirani yangu anauza madera na baibui, na wateja wake wengi hajawahi kuonana nao ana kwa ana. Anautundika mzigo mlangoni, anasimama pembeni, mwanawe anampiga picha, picha inapanda mtandaoni na oda zinaingia. Asubuhi moja akapigiwa simu na mteja wa Morogoro. "Dada, mbona kimya? Hela si nilituma tangu juzi?"

Hakuwa na oda ya Morogoro. Yule mteja alikuwa ametuma shilingi 85,000 kwenye namba aliyopewa na akaunti yenye picha zile zile, mpaka ile ya Idi aliyopiga na wanawe. Jina nalo lilikuwa lile lile, ila katikati yake kumechomekwa nukta moja. Nukta hiyo huioni mpaka uambiwe ipo.

Alifanya ambalo wengi wetu tungelifanya. Aliandika kwenye status: "Jamani hiyo akaunti si yangu, nisaidieni kuiripoti." Watu zaidi ya thelathini wakaripoti siku ile ile. Kesho yake akaunti bado ipo, na imepandisha madera mapya.

Ripoti hazihesabiwi kama kura. Mtu baki akibonyeza kwamba akaunti ni feki, anayeipitia, ambaye mara nyingi ni mashine kabla ya kumfikia binadamu, anaona picha za mwanamke anayeuza nguo na jina linalofanana na biashara hiyo. Hana cha kulinganisha nacho. Instagram wameandika wazi kwamba malalamiko ya namna hii wanayajibu yakitoka kwa mwenyewe anayeigizwa au kwa anayemwakilisha kihalali, kama mzazi kwa mtoto wake. Facebook humruhusu na rafiki kuripoti, ila njiani atatakiwa kuonyesha ni nani hasa anayeigizwa. Kwa hiyo ripoti moja ya mwenye sura, iliyopita kwenye kipengele cha mtu anayejifanya mwingine na kujibiwa kwamba anayeigizwa ni "mimi", ina uzito kuliko thelathini za majirani zilizopita kwenye kipengele cha utapeli au taka.

Tatizo lililofuata ni kwamba jirani yangu hakuweza hata kuiona akaunti yenyewe. Tapeli alikuwa amemblock, kama wanavyofanya karibu wote: wanamfungia mwenye picha kwanza, ndipo wanaanza kuwaandikia wateja wake. Simu ya mpwa wake ndiyo iliyotusaidia. Aliifungua akaunti, akabonyeza vile vidoto vitatu vya juu na kunakili linki.

Linki ndiyo ushahidi wa kwanza, na ndiyo watu wengi wanaosahau. Wanapiga picha ya skrini inayoonyesha jina na sura, wanaituma, wanangoja. Lakini jina linabadilishwa kwa sekunde chache, na akaunti zenye jina linalofanana huwa nyingi. Kwenye Facebook, linki ya akaunti isiyo na jina la mtumiaji huonekana hivi:

```
facebook.com/profile.php?id=1000XXXXXXXXXXX
```

Ile namba ya mwisho haibadiliki hata mwenye akaunti akijiita jina jingine. Instagram ni tofauti, maana linki yake imejengwa kwa jina la mtumiaji. Tapeli akilibadilisha usiku, linki uliyotuma mchana inaelekea kusikojulikana. Ndiyo maana picha ya skrini nayo inahitajika: ionyeshe jina la mtumiaji lote, tarehe na saa, na picha zilizoibwa, halafu pembeni yake weka picha hizo hizo kwenye ukurasa wako zikiwa na tarehe ya zamani zaidi. Kusanya vyote hivi kabla ya kuripoti, kwa sababu akaunti ikishaondolewa huna tena cha kukipiga picha.

Kisha likaja suala la kitambulisho, na hapo ndipo ripoti ya kwanza ya jirani yangu ilipokwama. Mtaani tunamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na ukurasa wake una jina hilo. Kitambulisho cha NIDA kina jina alilopewa na wazazi wake. Aliyepitia ripoti alipewa kadi yenye jina moja na akaunti yenye jina jingine, akajibu kwamba hajaona kosa.

Kinachohitajika hapo ni daraja kati ya kadi na akaunti, na daraja lenyewe ni uso. Fomu nyingi huomba picha ya kitambulisho cha serikali, na Instagram huomba picha yako ukiwa umeshika kadi hiyo. Picha isimame vizuri: pembe zote nne za kadi zionekane, maandishi yasomeke, mwanga wa flashi usifute sura, na uso wako uwe karibu na kadi. Isiwe kopi ya steshenari. Jina, sura na tarehe ya kuzaliwa viachwe wazi. Namba ya kitambulisho unaweza kuifunika kama fomu haiitaki. Asiye na kitambulisho cha serikali, Facebook huweza kukubali nyaraka nyingine zenye jina lake, kama kadi ya shule au ya kazi. Kama kilichoigwa ni duka, weka pia leseni ya biashara au karatasi ya TIN yenye jina la duka hilo.

Na kadi hiyo uitume ndani ya fomu ya mtandao wenyewe tu. Chini ya ile status ya jirani yangu walijitokeza watu wawili waliosema wana uwezo wa kufunga akaunti yoyote, atume kitambulisho na zile namba za siri zinazokuja kwa meseji. Hao ni matapeli wa zamu ya pili.

Ipo njia nyingine ambayo wengi huikimbilia: kudai hakimiliki ya picha. Inafanya kazi, wakati mwingine haraka zaidi, lakini hakimiliki kwa kawaida ni ya aliyepiga picha, si ya aliyepigwa. Selfi ni yako. Picha ya studio huenda ni ya mpiga picha. Tena jina lako na barua pepe uliyojaza kwenye dai la hakimiliki huweza kupelekwa kwa unayemlalamikia. Kama unamhofia mtu huyo, tumia barua pepe ya kazi, au baki kwenye njia ya kitambulisho.

Ripoti ya pili ya jirani yangu ilikuwa na linki, picha yake akiwa na kadi, na posti ya ukurasa wake ya miaka miwili nyuma yenye picha ile ile ya mlangoni. Akaunti ikaondoka siku ya tatu.

Zile 85,000 ni habari nyingine. Mtandao hauzirudishi, wala haukutajii tapeli ni nani. Nchini Tanzania, kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta ni kosa chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Polisi ndio wanaoweza kuuliza kampuni ya simu laini ile imesajiliwa kwa nani, na wakiomba rasmi, Meta huhifadhi kumbukumbu za akaunti kwa siku 90 wakati taratibu za kisheria zinaendelea. Ndiyo maana kuchelewa kwenda kituoni kuna gharama yake.

Mteja wa Morogoro, kwa hasira, alikuwa amefuta mazungumzo yote na tapeli. Kilichobaki kwenye simu yake ni meseji ya muamala, yenye namba, saa, na jina la mwanamume ambaye hakuna kati yetu anayemjua. Alikwenda nayo kituoni, akafunguliwa RB.