Umenunua nyumba, LUKU inasoma marehemu!

Ukiona mshikaji kanunua nyumba Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, usimwulize kwanza habari za vigae. Mwulize: risiti ya LUKU inasoma jina la nani?

Shemeji yangu alipopewa funguo nilimwambia anunue umeme wa elfu kumi papo hapo, muuzaji bado amesimama pale. Zilikatwa shilingi 6,000! Hakuibiwa mtu. Tangu 2021 kodi ya jengo inalipwa kupitia LUKU, na toka Julai 2023 nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Nyumba ilikaa miezi minne bila kununuliwa umeme, basi piga hesabu mwenyewe: 1,500 mara nne. Muuzaji akacheka kwa aibu, akazirudisha. Kama mita ina deni la zamani la umeme, nalo hulionea hapo hapo, maana kila ununuapo sehemu ya pesa inaliwa kwanza. Deni linaifuata mita, halimfuati aliyehama. Ndiyo maana unanunua umeme kabla hujamalizia malipo ya nyumba.

Kwenye risiti ile ile tukaona jina. Si la muuzaji. Lilikuwa la mjomba wake, marehemu!

Kwa huku kwetu si ajabu. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mtu kurithi kwa mjomba ni jambo la siku nyingi. Lakini karani wa umeme haulizi ukoo, anataka karatasi. Jina la kwenye mita lazima lishikane na jina lako bila kukatika katikati. Kwa shemeji pengo lilikuwa kati ya marehemu na mpwa. Linalozibwa na nini? Fomu namba 4 ya Mahakama ya Mwanzo, ile inayomteua msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake hautoshi, hata kama wazee wote wameweka dole gumba. Bahati nzuri mpwa alikuwa nayo, na mkataba wa mauziano aliusaini kama msimamizi. Angeusaini kwa jina lake tu, pengo lingebaki pale pale.

Barua tuliyoandika ni hii:

Kwa: Meneja, TANESCO, Morogoro.
Kupitia: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.

YAH: KUBADILISHA JINA LA MTEJA, MITA NA. ...........

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mnunuzi wa nyumba iliyopo Bigwa, niliyouziwa tarehe ........ na msimamizi wa mirathi ya marehemu ........, ambaye jina lake ndilo lililopo kwenye mita. Siku ya makabidhiano mita ilisoma uniti ........ Naomba jina la mteja libadilishwe liwe ........, kama lilivyo kwenye kitambulisho changu cha taifa, na namba yangu ya simu iwekwe badala ya ile ya zamani.

Naambatanisha nakala za mkataba wa mauziano, Fomu namba 4, kitambulisho changu, na risiti ya mwisho ya umeme.

Wako mtiifu,
(sahihi, jina, simu)

Basi. Habari za jinsi ulivyohangaika kupata pesa usiziweke, karani hana shida nazo. Namba ya mita ina tarakimu 11. Inakili kwenye mita yenyewe, si kwenye daftari la muuzaji. Tarakimu moja ikikosewa unaomba mita ya jirani! Na jina liandike vile vile lilivyo kwenye kitambulisho. Shemeji mtaani anaitwa kwa jina la utani, na hata kwenye mkataba alitaka kulichomeka. Nikamkatalia.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Nenda na karatasi halisi pia, wakitaka kulinganisha.

Kuna wanaosema, "Aah, umeme si unawaka? Jina la nini?" Utawaka, kweli. Ila siku unataka mita ihamishwe ukutani, au uongezewe laini ya mashine ya kusaga, anayetambulika kama mteja ni yule yule aliyelala makaburini. Upande wa pili, usijidanganye kwamba jina kwenye LUKU ndilo hati ya nyumba. Umiliki unabadilishwa ardhi, kwa karatasi zake.

Jina likishabadilishwa, usingoje kuambiwa. Nunua umeme wa elfu mbili, uangalie risiti. Ya shemeji sasa inasoma majina yake matatu, na ameibandika mlangoni kama cheti cha ndoa.