London na New York Zinapokuwa Kazini Pamoja

Tarehe 7 Oktoba 2016, saa nane na dakika saba usiku kwa saa za Afrika Mashariki, pauni ya Uingereza ilianza kuporomoka. Mjini London usiku wa manane ulikuwa ndiyo kwanza umepita. Pauni iliyokuwa ikinunuliwa kwa dola 1.26 ilipoteza takriban asilimia 9 ya thamani yake kwa muda mfupi mno, kisha ikapanda tena na kurudisha sehemu kubwa ya ilichopoteza. Waingereza wengi walikuwa wamelala. Hapakuwa na benki iliyofilisika usiku huo, wala vita vilivyotangazwa.

Kamati ya benki kuu inayokutana chini ya Benki ya Malipo ya Kimataifa, yenye makao yake Basel, Uswisi, ililichunguza tukio hilo na kutoa ripoti Januari 2017. Haikupata mkosaji mmoja. Ilichosisitiza ni kwamba saa yenyewe ilichangia sana. Kuelewa kwa nini, inabidi kulitazama soko la fedha za kigeni linavyoamka na kulala, ingawa husemwa kwamba halilali.

Soko hili halina jengo. Ni benki, mifuko ya uwekezaji, makampuni na madalali wanaouziana fedha kwa kompyuta na simu, kuanzia Jumatatu asubuhi kule Wellington na Sydney hadi Ijumaa saa kumi na moja jioni ya New York. Tokyo huingia kazini Afrika Mashariki ikiwa saa tisa usiku, na Singapore na Hong Kong hufuata muda si mrefu. London hufungua saa tano asubuhi kwa saa zetu, au saa nne katika miezi ambayo Waingereza husogeza saa zao mbele. New York huingia saa kumi alasiri, au saa tisa katika majira yao ya joto. Wakati huo London bado ina nusu ya siku ya kazi mbele yake. Ndipo kunapokuwa na muda wa saa nne hivi ambapo miji hiyo miwili iko kazini kwa pamoja.

Uzito wa muda huo unaonekana katika takwimu. Benki ya Basel huhesabu biashara hii kila baada ya miaka mitatu, na hesabu ya Aprili 2025 ilikuta fedha za thamani ya dola trilioni 9.6 zikibadilishwa kila siku. Uingereza peke yake ilibeba karibu asilimia 38, Marekani karibu asilimia 19. Zaidi ya nusu ya biashara yote, basi, imo mikononi mwa nchi mbili ambazo siku zao za kazi hukutana mchana. Tena dola ilikuwa upande mmoja wa mabadilishano tisa kati ya kila kumi, na wenye dola yao huwa ndiyo kwanza wanafungua ofisi.

Lakini wingi wa watu hubadilishaje bei? Mtazame muuzaji wa fedha aliye kwenye dawati la benki moja London. Kampuni ya Ulaya inampigia ikitaka kumuuzia pauni milioni 50 ipate dola. Anazinunua papo hapo, na tangu sekunde hiyo pauni zile ni mzigo wake: zikishuka bei kabla hajazitoa, hasara ni ya benki. Saa kumi na moja jioni kwa saa zetu hana wasiwasi mkubwa. Kuna mfuko wa New York unaotaka pauni, kuna benki ya Frankfurt, kuna wauzaji wenzake kadhaa walio tayari kuchukua kipande kipande. Mzigo unaondoka haraka, kwa hiyo anaweza kutaja bei ya kununua na ya kuuza zilizokaribiana sana. Na kwa kuwa bei ni nafuu saa hizo, wengine nao huzisubiri ndipo walete biashara zao. Mfugaji mwenye ng'ombe wa kuuza hungoja siku ya mnada kwa sababu anajua wanunuzi nao wanaingoja. Ndivyo saa hizi zinavyojijaza zenyewe.

Kuna mambo mawili zaidi yanayovuta watu. Takwimu kubwa za uchumi wa Marekani, zikiwemo za ajira na mfumuko wa bei, hutolewa saa mbili na nusu asubuhi ya New York, yaani saa tisa na nusu au kumi na nusu alasiri Afrika Mashariki. Kisha, saa kumi jioni ya London, hupigwa bei rejea ambayo mifuko mingi ya uwekezaji duniani huitumia kuthamini mali zake. Mifuko hiyo hutaka kununua na kuuza kwa bei hiyo hiyo, na maagizo yao hurundikana hapo. Kishawishi chake kilikuwa kikubwa: mwaka 2014 benki kadhaa kubwa zilitozwa faini za mabilioni ya dola baada ya wauzaji wao kupeana taarifa za wateja na kujaribu kuisukuma bei hiyo. Wakati huo ilikuwa ikipimwa ndani ya dakika moja tu. Mwaka uliofuata muda ukapanuliwa kuwa dakika tano.

Sasa mrudishe muuzaji yule kwenye saa nane usiku ile ya Oktoba. London imelala, New York imefunga saa mbili zilizopita, Tokyo haijafungua. Maagizo ya kuuza pauni yanaingia, mengine yakitoka kwa watu wanaojikinga na hasara kadiri bei inavyoshuka, kwa hiyo kushuka kwenyewe kunazaa mauzo mapya. Wachache waliopo kazini, kwa mujibu wa ripoti ile, hawakuwa na uzoefu mkubwa wa pauni wala ruhusa ya kubeba mzigo mkubwa. Soko la mikataba ya baadaye la Chicago likasimamisha biashara kwa muda, kama taratibu zake zinavyotaka. Programu za kompyuta zilizokuwa zikisoma bei za huko zikakosa kielelezo na kuacha kutaja bei. Waliobaki kununua wakawa wachache kuliko mwanzo.

Hata hivyo, saa zenye watu wengi nazo zina mashimo yake. Katika sekunde takwimu za ajira zinapotoka, wauzaji hujiondoa mpaka wazisome, na tofauti kati ya bei mbili hupanuka ghafla. Sikukuu ya Marekani huondoa upande mmoja wa soko mchana kutwa. Na yen ina saa zake: wenye makampuni ya Japani hufanya mengi asubuhi ya Tokyo.

Kwa mwagizaji wa vipuri wa Dar es Salaam anayelipa euro 200,000 kutoka akaunti ya dola, hesabu ni hii. Tuseme tofauti ya bei za kununua na kuuza kwenye soko la jumla ni senti moja ya mia ya dola kwa kila euro. Hizo ni dola 20. Ikipanuka mara kumi usiku, ni dola 200, kabla benki yake haijaongeza faida yake. Benki nyingi za mjini hufunga madirisha saa kumi alasiri, New York ikiwa ndiyo kwanza inaingia. Mwenye malipo makubwa hupatana na dawati la fedha la benki yake mapema mchana, London ikiwa wazi, au huacha agizo lenye bei maalumu litekelezwe jioni.

Mwezi Machi aangalie kalenda pia. Wamarekani husogeza saa zao Jumapili ya pili ya mwezi, Waingereza Jumapili ya mwisho, na katika wiki hizo katikati miji hiyo miwili huwa kazini pamoja kwa saa tano, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa mbili usiku kwa saa zetu.