Silinda Inapokuwa Ovali

Injini ya Toyota 1HZ, inayosukuma Land Cruiser nyingi za safari na za miradi Afrika Mashariki, ina silinda 6 zenye kipenyo cha milimita 94. Ikianza kula oili na kutoa moshi wa buluu, fundi huifungua na kupeleka bloku kupimwa. Kidole hakiwezi kusikia tofauti ya milimita 0.05. Boa geji huisikia.

Ila boa geji peke yake haijui ukubwa wowote. Inaonyesha tofauti tu, kwa hiyo lazima kwanza ipewe kipimo cha kuanzia. Hapo ndipo ringi geji inapoingia: pete ya chuma kigumu iliyosagwa kwa usahihi mkubwa, yenye kipenyo chake halisi kimeandikwa ubavuni. Tuseme imeandikwa 94.002. Fundi huifuta oili na vumbi, huiweka karibu na bloku hadi vyote viwe na joto moja, kisha huingiza geji ndani na kuiyumbisha taratibu, mbele na nyuma. Mshale unakwenda kulia, unasita, halafu unarudi. Pale unapogeuka ndipo geji imesimama wima na kusoma umbali mfupi kabisa. Fundi huzungusha uso wa saa hadi sifuri ikae hapo hapo. Sifuri hiyo sasa ni 94.002, si 94 kamili. Wengi hukosea hapa.

Kwenye silinda kazi ni ile ile ya kuyumbisha. Kwa geji nyingi, mshale ukigeukia kushoto mwa sifuri, shimo ni kubwa kuliko ringi.

Chukua silinda moja yenye saa ya mistari ya 0.01. Karibu na juu, geji ikielekezwa kukata krankshafti, mshale unageukia mistari 8 kushoto: 94.082. Kina hicho hicho, sambamba na krankshafti, ni mistari 3: 94.032. Tofauti ya 0.05 ndiyo uovali. Chini kabisa, kwa mwelekeo wa kwanza, ni mstari 1 tu, yaani 94.012, silinda imepanuka juu kwa 0.07 zaidi.

Sura hiyo ina sababu. Konrodi ikiwa imeinama husukuma pistoni ubavuni, upande unaokata krankshafti. Juu, shinikizo la mwako hukandamiza ringi za pistoni ukutani mahali ambapo oili ni haba.

Kitabu cha injini ndicho kinachosema kama 0.05 inavumilika. Ikizidi kikomo, ringi mpya hazitaziba ukuta wa ovali. Silinda huchongwa kwa pistoni ya oversaizi.

Kabla ya kuandika uamuzi huo, geji hurudishwa ndani ya ringi geji. Mshale usiporudi sifuri, vipimo vyote vya bloku hiyo hufutwa na kuchukuliwa upya.