Tangazo la Paa Lirushwe Jua Likiwaka

Fundi wa mapaa wa Dar es Salaam anayengoja masika ndipo atangaze kazi amechelewa. Mvua hizo kwa kawaida hunyesha Machi hadi Mei, na dawa nyingi za kuzuia maji kwenye paa la zege hutaka zege kavu. Ukipaka juu ya unyevu, jua likichoma, maji yaliyonaswa hugeuka mvuke na kuinua dawa kama malengelenge. Tangazo la redio basi ni la Januari na Februari.

Shida ni kwamba miezi hiyo hakuna anayewaza kuvuja. Ndoo iliyokinga matone sebuleni imesharudi bafuni. Waandishi wengi hufungua kwa mlio wa radi. Mimi naona ni kelele tu. Afadhali kuanza na kitu ambacho msikilizaji akiinua macho atakiona: doa la rangi ya chai kwenye dari, lililoachwa na vuli.

Sekunde 30, zikisomwa bila kukimbizwa, hubeba maneno kama 50 ya Kiswahili, namba ya simu ikiwa juu yake. Tuseme hivi:

“Mama Asha, lile doa la darini vipi?”

“Tulipaka rangi, jirani, likarudi.”

“Rangi huficha doa, haizibi tundu. Mwite fundi apande sasa, paa likiwa kavu. Atakagua misumari na maungio ya bati, gata, na nyufa za zege. Atakuandikia gharama kabla hujalipa chochote. Piga simu kabla ya masika.”

Tangazo hili halitaji bei, na ni kwa makusudi. Maji huingia pengine kwenye msumari ambao mpira wake umekaushwa na jua ukapasuka, yakatambaa juu ya mbao, yakadondoka mita kadhaa mbali na tundu. Anayetoza kwa kutazama doa anabahatisha.

Halisemi pia “haitavuja tena kamwe”. Maneno hayo hurudi kumdai fundi mvua ya kwanza. Ahadi anayoweza kuitimiza ni jaribio. Kwenye paa la zege, dawa ikishakauka vizuri, huziba matundu ya kutolea maji, hutuama maji ya kina cha sentimita chache kwa saa 24, kisha hukagua dari ya chini. Hilo ni kwa zege linalohimili uzito huo. Bati humwagiwa maji kwa mpira, kuanzia chini kupanda juu, sehemu moja moja, huku mwenzake akiwa darini na tochi.

Masika yakishaanza, tangazo hili litolewe hewani. Liwekwe lingine la kuziba kwa muda na kufunika kwa turubai, likisema wazi kwamba kazi kamili itafanywa paa likikauka.