Bumerangi hurudi, fimbo ya mwindaji hairudi

Katika filamu na vitabu vya katuni, mwindaji wa Australia hurusha bumerangi, ikampiga kangaruu kichwani, kisha ikarudi mkononi mwake. Ni hadithi tamu, lakini haiwezekani. Bumerangi ikigonga kitu huanguka papo hapo. Na wenyeji wa asili wa Australia walipotaka nyama ya kangaruu, hawakuchukua ile inayorudi. Walichukua fimbo nyingine, nzito na ndefu zaidi, iliyochongwa mahususi ili isigeuke njiani.

Tuanze na inayorudi. Ukiishika utaona kila mkono wake umechongwa kama bawa la ndege: upande mmoja bapa, upande wa pili una mbinuko. Ukingo unaotangulia hewani ni mnene, na unaofuata umekondeshwa. Mrushaji wa mkono wa kulia huisimamisha karibu wima, juu ikiinama kidogo kuelekea kulia kwake na upande wenye mbinuko ukimtazama, kisha huiachia kwa kukunjua ghafla kifundo cha mkono ili izunguke kwa kasi. Kwa kuwa imesimama, nguvu ambayo kwenye ndege ingeinyanyua kuelekea juu, hapa inasukuma kuelekea kushoto.

Tuchukue mfano. Bumerangi imerushwa kwa kasi ya mita 25 kwa sekunde, nayo inazunguka mara 10 kila sekunde. Ncha iliyo sentimita 25 kutoka katikati inapata, kwa mzunguko huo pekee, kasi ya karibu mita 16 kwa sekunde. Ncha ikiwa juu, inakwenda mbele pamoja na bumerangi nzima, kwa hiyo inakata hewa kwa mita 41 kwa sekunde. Ikiwa chini inarudi nyuma, na kasi yake hewani hushuka hadi mita 9 tu. Nguvu ya bawa hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo ncha ya juu inasukumwa kushoto kwa nguvu karibu mara 20 ya ile ya chini.

Ungetarajia bumerangi ipinduke kwa kulalia kushoto. Haifanyi hivyo, kwa sababu kitu kinachozunguka kwa kasi kikisukumwa mahali fulani huitikia robo mzunguko baadaye. Aliyewahi kuendesha baiskeli bila kushika usukani anajua: ukilaza baiskeli kushoto, gurudumu la mbele lenyewe hugeukia kushoto. Bumerangi nayo inasukumwa kushoto kwenye sehemu yake ya juu, lakini inayogeukia kushoto ni sehemu yake ya mbele, tena na tena, mpaka imechora duara. Wakati huohuo inajilaza polepole, na ikifika kwa mwenyewe huwa imelala, ikishuka taratibu kama inayoelea.

Gravitasi haina kazi katika kuirudisha. Mwaka 2008 mwanaanga wa Japani, Takao Doi, alirusha bumerangi ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, mahali ambapo vitu huelea, nayo ikarudi. Kinachohitajika ni hewa na mzunguko. Lakini anayeirusha ikiwa imelala, kama sahani, huharibikiwa: inapanda juu sana, kisha inashuka kwa kasi na kuvunjika.

Sasa fimbo ya kuwindia, ambayo sehemu za magharibi mwa Australia huitwa kaili. Inayorudi mara nyingi haifikishi gramu 150, ilhali hii inaweza kuzidi nusu kilo, na pembe yake imefunguka zaidi. Hurushwa ikiwa karibu kulala. Shida ni kwamba nayo ina mkono unaokwenda mbele na mwingine unaorudi nyuma, kwa hiyo ikiachwa hivihivi itapinda. Mchongaji anaizuia kwa kupunguza nguvu ya mabawa: anaubinua kidogo upande wa chini pia, na anaupasha mti moto kwenye majivu ili azipinde ncha zake kidogo. Kinachobaki ni nguvu ya kutosha tu kuizuia isianguke mapema. Uzito nao unaifanya ishikilie njia yake, na ukifika kwa mnyama unavunja mfupa. Ikirushwa vizuri huenda mita 100 na zaidi, chini chini, karibu kwa mstari ulionyooka.

Mti wenyewe huchaguliwa kwa makini. Huko jangwani hupendwa mulga, jamii ya mgunga, na hukatwa pale shina linapokutana na mzizi, ili nyuzi za mti zifuate mpindo wenyewe. Fimbo ukiichonga kutoka ubao ulionyooka, itapasuka kwenye kona mara tu itakapogonga kitu kigumu.

Ile inayorudi nayo ilikuwa na kazi, mbali na mchezo. Wawindaji waliirusha juu ya kundi la bata, bata wakadhani ni mwewe, wakashuka kuelekea kwenye nyavu zilizotandazwa kati ya miti. Katika kinamasi cha Wyrie, kusini mwa Australia, zimefukuliwa bumerangi za mti zenye umri wa takribani miaka 10,000.

Kwa maoni yangu, sifa kubwa zaidi anastahili mchongaji wa fimbo isiyorudi. Bawa lililopinda hugeuka lenyewe. Kulifanya liende moja kwa moja ndiko kunakotaka fundi.